Seva tano, daftari moja: maswali tunayoulizwa kuhusu Raft

Tuna seva tano zinazotunza kumbukumbu za mizani ya karafuu. Tatu ziko Unguja, tumezipa majina malindi, mwera na makunduchi. Mbili ziko Pemba, chake na wete. Mkulima akishusha gunia, karani anapima, anaandika kilo, na mashine inatoa stakabadhi. Maswali yote hapa chini yanazunguka jambo moja: mtu akishapewa ile stakabadhi, je, mstari wake unaweza kupotea seva zikifa? Nimeyakusanya kutoka kwa makarani, mafundi wapya, na mhasibu mmoja asiyeamini mashine hata ziape.

Raft ni kitu gani hasa?

Ni utaratibu wa kuzifanya seva kadhaa ziwe na daftari moja linalofanana, hata baadhi zikizimika. Waliouandika ni Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford, na andiko lao lilitoka mwaka 2014. Programu ya etcd, ambayo ndiyo tunayotumia, imejengwa juu yake.

Daftari ni mistari iliyopangwa kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mstari umebeba pia namba ya muhula, yaani uongozi uliokuwapo siku mstari ule ulipoandikwa. Shikeni hivyo viwili, namba ya mstari na muhula wake, maana hesabu zote zijazo zinasimama juu yake.

Kiongozi anapatikanaje?

Wakati wa kawaida kuna kiongozi mmoja, na wengine wote ni wafuasi. Anayepokea mistari mipya ni kiongozi peke yake, naye huwapa wafuasi nakala. Hata pasipo na kazi hutuma ujumbe mfupi wa kusema nipo, nao huitwa mapigo. Mfuasi ana saa yake ya kungojea. Akisikia mapigo, anaianza upya. Saa ikiisha hajasikia kitu, anadhani kiongozi amekufa na anagombea mwenyewe: anaongeza muhula kwa moja, anajipigia kura, kisha anawaomba wenzake kura.

Kila seva ina kura moja kwa kila muhula. Kwa seva tano, anayepata kura tatu ndiye kiongozi. Wawili hawawezi kushinda muhula mmoja, kwa sababu tatu na tatu ni sita na wapiga kura ni watano, kwa hiyo angalau mmoja angelazimika kupiga kura mara mbili.

Na wawili wakigombea kwa pamoja?

Kura zinaweza kugawanyika na asipatikane mshindi. Basi muhula ule unapita bila kiongozi, na uchaguzi unarudiwa kwa muhula mwingine. Ili jambo hilo lisijirudie, saa ya kila seva huchaguliwa kwa bahati nasibu. Andiko la mwanzo lilitaja baina ya milisekunde 150 na 300. Anayeamka mapema kuliko wenzake kwa kawaida huwa ameshakusanya kura zake kabla wengine hawajashtuka.

Kwa hiyo anayewahi ndiye anayeshinda?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuwahi kunakupa nafasi ya kuomba tu. Mpiga kura huangalia daftari lako kwanza. Ukiomba kura unataja mstari wako wa mwisho: namba yake na muhula wake. Mwenzio analinganisha na wake. Kwanza anatazama muhula wa mstari wa mwisho, na mwenye mkubwa ndiye aliye mbele. Mihula ikilingana, anatazama nani ana daftari refu. Akiona daftari lake liko mbele kuliko lako, anakunyima kura.

Tuchukue hali moja tuifuate mpaka mwisho. Hapa chini kila seva ina safu yake, na tarakimu ni muhula wa kila mstari:

```
mstari      1  2  3  4  5  6  7
malindi     1  1  2  4  4  4  4
mwera       1  1  2  4  4  4
makunduchi  1  1  2  4  4
chake       1  1  2  4  4  4
wete        1  1  2  3  3
```

Kiongozi ni malindi, muhula wa 4. Wete aliwahi kuwa kiongozi muhula wa 3, akaandika mistari miwili ambayo haikumfikia mtu, mawasiliano yakakatika, na sasa ndiyo kwanza anarudi. Mstari wa 6 uko kwa malindi, mwera na chake, yaani watatu kati ya watano, kwa hiyo umethibitika na mkulima ana stakabadhi yake mkononi. Mstari wa 7 uko kwa malindi pekee.

Malindi anazimika.

Saa ya makunduchi inaisha mapema kuliko zote. Anagombea muhula wa 5. Wete anampa kura, kwa kuwa mstari wake wa mwisho ni wa muhula wa 3 na wa makunduchi ni wa 4. Mwera na chake wanakataa: mihula inalingana, lakini wao wana mstari wa 6 na yeye ameishia wa 5. Kura mbili hazitoshi. Hata hivyo wote wamesikia kwamba muhula umefika 5, na wameandika hivyo.

Kisha saa ya mwera inaisha. Anagombea muhula wa 6, makunduchi, chake na wete wanamkubali, na anakuwa kiongozi.

Angalieni walioweza kushinda. Ni mwera na chake tu, yaani wale wenye mstari wa 6. Haikuwa bahati. Mstari uliothibitika uko kwa seva tatu, na mshindi anahitaji kura za seva tatu, kwa hiyo miongoni mwa wapiga kura wake yupo angalau mmoja mwenye mstari ule, na huyo hamkubali asiyekuwa nao.

Madaftari yaliyotofautiana yanasawazishwaje?

Mwera, akishakuwa kiongozi, anaandika mstari mtupu, wa 7, wenye muhula wa 6. Sababu yake itakuja baadaye. Kisha anaanza kuwapelekea wenzake. Kila ujumbe wa mistari unabeba maelezo ya mstari uliotangulia, ambayo kwenye programu yanaitwa `prevLogIndex` na `prevLogTerm`. Ni kama kusema: chukua mstari wa 7, lakini iwapo tu mstari wako wa 6 ni wa muhula wa 4. Asiyekuwa nao anakataa, na kiongozi anarudi nyuma hatua moja.

Chake anakubali mara moja. Makunduchi hana mstari wa 6, anakataa. Mwera anarudi nyuma: una wa 5 wenye muhula wa 4? Anao. Basi anapewa wa 6 na wa 7.

Wete ndiye mwenye safari ndefu. Mstari wa 6 hana. Wa 5 anao, lakini ni wa muhula wa 3, kwa hiyo anakataa. Wa 4 vilevile. Wa 3 ni wa muhula wa 2, sawasawa na wa mwera. Hapo wamekutana. Wete anafuta mistari yake ya 4 na ya 5, anaandika ya kiongozi kuanzia ya 4 mpaka ya 7.

Kiongozi mwenyewe hafuti chochote katika daftari lake. Anayebadilika ni mfuasi. Na ukaguzi huu wa mstari uliotangulia una faida ambayo haionekani upesi: seva mbili zikiwa na mstari wenye namba moja na muhula mmoja, basi kila kilicho juu ya mstari ule ni kilekile kwa wote wawili, kwa sababu mstari ule haukupokewa mpaka wa juu yake ulipolingana, na wa juu yake vivyo hivyo, mpaka mwanzo wa daftari.

Kurudi hatua moja moja ni pole pole seva ikiwa imekosa mistari maelfu. Programu nyingi huruka muhula mzima kwa mara moja: mfuasi anapokataa, anataja muhula uliokosana na mstari ulipoanzia. Matokeo ni yaleyale.

Na mstari wa 7 wa malindi? Si kuna gunia la mtu pale?

Lipo. Malindi akiwashwa atamsikia mwera wa muhula wa 6, atakuwa mfuasi, na mstari wake wa 7 wa muhula wa 4 utafutwa na kuandikwa ule mtupu wa mwera. Mhasibu wetu alipoonyeshwa hili alisimama kitini.

Lakini gunia lile halikutolewa stakabadhi. Karani alibonyeza, akangoja, skrini haikujibu. Mashine yake inatuma tena kwa kiongozi mpya, na gunia linaandikwa kwenye mstari wa 8.

Shida iko upande wa pili: mstari wa 6. Tuseme malindi alizimika baada ya mstari kuthibitika lakini kabla jibu halijamfikia karani wa Wete mjini. Karani haoni jibu, mashine inatuma tena, na kilo 42 za mzee mmoja zinaandikwa mara mbili. Raft haikukosea, imeandika ilichopewa. Dawa yake ni kila ombi kutoka mizani liwe na namba yake ya pekee, na seva inapoutekeleza mstari iangalie kama namba ile imeshapita. Ikiwa imeshapita, irudishe jibu la mwanzo na isiongeze kilo. Kazi hiyo ni ya programu yenu. Msiitegemee Raft iwafanyie.

Mstari ukishafika kwa seva tatu, basi umesalimika?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Jibu ni: ikiwa ni mstari wa muhula wa kiongozi aliyepo sasa, ndiyo. Ikiwa ni wa muhula uliopita, bado.

Tuanze na daftari fupi. Malindi ni kiongozi wa muhula wa 2, anaandika mstari wa 2, anamfikishia mwera tu, kisha anazimika. Wete anagombea muhula wa 3, anapata kura za makunduchi na chake, anaandika mstari wake wa 2, na kabla hajampa mtu nakala naye anazimika. Malindi anarudi, anashinda muhula wa 4, na anaendelea kusambaza ule mstari wake wa zamani. Makunduchi anaupokea. Sasa tuko hivi:

```
mstari      1  2
malindi     1  2
mwera       1  2
makunduchi  1  2
chake       1
wete        1  3
```

Seva tatu zina mstari wa malindi. Mtu yeyote angesema umethibitika. Tuseme malindi anasema hivyo, anatoa stakabadhi, kisha anazimika tena.

Wete anawashwa na kugombea. Mstari wake wa mwisho ni wa muhula wa 3. Mwera ana wa 2, makunduchi ana wa 2, chake ana wa 1. Wote watatu wanaona yuko mbele yao na wanampa kura mara tu muhula unapofika 5. Wete anakuwa kiongozi na kuwafutia mstari uliokuwa umeshatolewa stakabadhi.

Kwa hiyo sheria ya Raft ni kwamba kiongozi hahesabu nakala za mistari ya mihula iliyopita. Anahesabu za muhula wake tu, na mistari ya nyuma inathibitika kwa kufuata huo wa sasa. Malindi angetakiwa kwanza aandike mstari wa 3 wenye muhula wa 4 na kuufikisha kwa mwera na makunduchi. Ukishafika, wete hana njia: mwenye 3 hawezi kuwapita watatu wenye 4. Mstari wa 2 unathibitika pamoja na wa 3, na stakabadhi inatoka.

Ndiyo maana mwera, aliposhinda kule juu, alianza kwa mstari mtupu. Bila huo, pasipokuwa na gunia jipya usiku kucha, mistari ya zamani ingebaki haijulikani imethibitika au la mpaka asubuhi.

Kwa nini seva iandike diskini kabla ya kujibu? Inachelewesha.

Inachelewesha kweli. Vitu vitatu lazima viwe diskini kabla seva haijamjibu mwenzake: muhula ilioufikia, nani iliyempigia kura muhula huo, na mistari yenyewe ya daftari. Ikisahau kura yake, inaweza kuwashwa na kumpa mwingine kura ya muhula uleule, na hapo tutakuwa na viongozi wawili.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hili. Msimu mmoja diski za seva zilikuwa nzito, foleni ya magunia ndefu, na nikaiwasha etcd na `--unsafe-no-fsync`, kigezo cha kuiambia isingoje diski. Kila kitu kikawa chepesi. Umeme ukakatika kidogo tu, na chake alipowaka alikuwa na mistari pungufu ya ile aliyokwisha kukiri kuwa anayo. Malindi naye hakuwaka haraka. Chake, makunduchi na wete wakachagua kiongozi baina yao, na hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyekuwa na mistari ya mwisho. Mwera alikuwa nayo, lakini yeye ni mmoja. Tulikaa siku mbili barazani na vipande vya stakabadhi, tukiingiza kilo kwa mkono. Jina la kigezo lenyewe lilinionya, sikusikia.

Unguja umeme ukikatika, mbona Pemba nako mizani inasimama?

Kwa sababu Pemba kuna seva mbili, na mbili si tatu. Chake na wete wataendelea kugombea, wala hawatapata kura ya tatu. Hawawezi kujua kama Unguja imezimika au waya wa mawasiliano ndio umekatika na wenzao huko wanaendelea na kazi, na Raft huchagua kusimama kuliko kuwa na madaftari mawili.

Wengine wanasema basi tuhamishie tatu Pemba. Hapo mtakuwa mmebadilisha kisiwa kitakachowasimamisha wenzake, basi. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari unaofikia Fumba, na Pemba ina waya wake kutoka Tanga tangu 2010. Nyaya mbili mbalimbali, kwa hiyo ni nadra kufa pamoja, lakini kila mmoja unaweza kufa peke yake. Waliokuwapo Unguja Disemba 2009 wanakumbuka: kiza kilidumu mpaka Machi 2010. Linalosaidia ni seva ya tano kuwekwa mahali pa tatu, kwa mfano Dar es Salaam, visiwa vikabaki na mbili mbili. Hapo kisiwa kimoja kikizimika chote bado watatu wapo. Nimeliandikia ombi hili.

Kiongozi akitengwa bila kuzimika, hatakuwa na yeye kiongozi?

Atajiona hivyo kwa muda. Atapokea mistari lakini hatafikisha nakala kwa watatu, kwa hiyo hathibitishi kitu. Hatari iko kwenye kusoma: mtu akimuuliza salio, anaweza kujibu la zamani. Kwa hiyo kabla ya kujibu swali la kusoma, kiongozi huhakikisha kwanza kwa mapigo kwamba walio wengi bado wanamtambua.

Mfuasi aliyetengwa ana shida nyingine. Anagombea peke yake na kupandisha muhula, na akirudi muhula wake mkubwa unamvua kiongozi mzima bila sababu. Ndiyo maana programu nyingi zina kura ya majaribio: kabla ya kupandisha muhula, seva inawauliza wenzake kama wangempigia kura. Wanaomsikia kiongozi wao vizuri humwambia hapana, na yeye anatulia.

Nitajuaje kama kundi letu haliko sawa?

Andika hivi:

```
etcdctl endpoint status --cluster -w table
```

Tazama safu ya `RAFT TERM`. Hiyo ni namba ya muhula, na kundi likiwa zima hukaa palepale siku nyingi. Ikipanda kila unapotazama na hakuna seva iliyozimika, basi mapigo yanachelewa. Mara nyingi ni diski au mtandao. Kwa kawaida etcd hutuma mapigo kila milisekunde 100 na kungoja milisekunde 1000 kabla ya kugombea. Muda wa kungojea uwe angalau mara 10 ya muda wa ujumbe kwenda na kurudi baina ya seva, kwa hiyo pima kwanza kutoka Malindi hadi Wete, tena saa za jioni watu wanapoangalia video. Ukibadilisha `--election-timeout`, badilisha kwa seva zote tano. Ukiongeza kupita kiasi, siku kiongozi atakapokufa makarani watangoja muda wote huo kabla ya uchaguzi kuanza.

Kisha tazama `RAFT INDEX`, namba ya mstari wa mwisho ambao seva inajua umethibitika. Seva moja ikiwa nyuma kidogo si neno. Ikiwa nyuma na haisogei huku wenzake wanasonga, nenda kaitazame diski yake leo, kwa maana mistari mipya inathibitika kwa seva nne tu, na mmejibakishia nafasi ya kuanguka moja badala ya mbili.